Asilimia Kumi ya Kandambili

Kampuni ya bima inayotuhudumia kazini ina maelezo matamu kuhusu kwa nini mwanachama achangie asilimia 10 ya bili ya hospitali. Yamo kwenye kijitabu chao, ukurasa wenye picha ya familia inayocheka kana kwamba imesikia daladala zote zimekuwa bure. Wanasema mchango huo unamsaidia mwanachama kutumia huduma kwa uangalifu. Kwa Kiswahili cha huku kwetu Tabata maana yake ni kwamba tukiachiwa bure tutafungasha na mito, twende kulazwa kwa starehe.

Basi niwahakikishie mabwana hao kwamba mwanangu wa kidato cha pili hakutolewa kidole tumbo kwa anasa. Hakuna aliyekaa sebuleni akasema, jamani, shule zimefungwa, mvua inanyesha, twendeni tukapasuliwe. Kijana alianza kulalamika tumbo jioni karibu na kitovu, tukampa chai ya tangawizi kama wazazi wote wa nchi hii. Kufika usiku wa manane maumivu yameshuka kulia, homa imepanda, anatembea amejikunja. Tulimbeba tukaenda hospitali binafsi iliyo kwenye orodha ya bima, nikatoa kadi, wakampa kitanda, na mimi nikapewa karatasi.

Karatasi yenyewe ilikuwa na maandishi madogo na nafasi kubwa ya sahihi. Ilisema kwamba mimi niliyetia sahihi hapa chini nitawajibika kulipa gharama yoyote ambayo bima haitalipa. Nikatia sahihi. Mtoto amejikunja kwenye benchi, daktari anavaa glovu, wewe unataka nianze kuhoji ibara? Siku hiyo wangeniletea hati ya kuuza shamba la babu kule Same ningesaini pia.

Matibabu yenyewe sina lawama nayo. Walimpiga ultrasaundi, haikuonyesha vizuri, daktari wa upasuaji akaagiza kipimo cha CT saa nane za usiku, wakaona kidole tumbo kimevimba, alfajiri akaingia thieta. Akalala hapo usiku 3. Siku ya kupewa ruhusa nikaenda dirisha la bima, nikakuta bili imeshatoka: Sh 4,200,000. Sehemu ya bima, Sh 3,780,000. Sehemu yangu, ile asilimia 10 ya uangalifu, Sh 420,000. Nikalipa kwa simu, makato ya muamala juu yangu, nikapewa risiti, tukarudi nyumbani na kijana anayetembea polepole na kudai soda. Nikajua yamekwisha.

Ndugu msomaji, kwenye mambo ya bima usiseme yamekwisha kwa sababu umepewa risiti. Ile bili unayopewa siku ya kuondoka ni makadirio ya hospitali ya kile wanachotarajia kulipwa. Bima yenyewe bado haijaiona. Hospitali inakusanya bili za wagonjwa wake wote wa mwezi, inafunga bahasha moja ya madai na kuituma. Huko bima kuna watu, wengine wauguzi na madaktari kabisa, ambao kazi yao ni kupitia bili mstari kwa mstari na kalamu mkononi, wakiuliza: hiki kilihitajika? Kiliombewa kibali? Bei hii ndiyo tuliyokubaliana? Wakimaliza wanalipa wanachokubali na kukikata wasichokubali, kisha wanairudishia hospitali orodha ya makato. Yote hayo yanafanyika wakati wewe umeshasahau, mshono umeshapona na kijana ameshaanza kucheza mpira mliomkataza.

Ndipo ikaingia meseji. Nilikuwa kwenye foleni ya kununua nyama. "Ndugu mteja, unadaiwa Sh 640,000 kutokana na madai yaliyokataliwa na bima yako. Tafadhali lipa ndani ya siku 7." Nikanunua nusu kilo badala ya kilo.

Kesho yake nikafika dirishani. Dada wa pale ni mpole, ana sauti ya kubembeleza, na kila swali analijibu kwa kutazama skrini.

"Dada, hii laki sita na arobaini ni ya nini?"

"Ni makato ya bima, baba."

"Makato ya vitu gani?"

"Mfumo unaonyesha jumla tu, baba."

"Lakini mimi nilishalipa sehemu yangu."

"Ndiyo, baba, hiyo ulilipa. Hii ni sehemu ambayo bima walitakiwa kulipa, wamekataa, kwa hiyo imerudi kwako. Si ulisaini?"

Akanionyesha sahihi yangu. Kweli ilikuwa yangu, ila imeandikwa kwa mkono unaotetemeka kiasi kwamba benki wangeikataa.

Nchi hii mfumo umekuwa mtu. Mfumo umegoma, mfumo umesema, mfumo haukubali. Ukimtafuta mfumo mwenyewe umweleze shida zako huambiwi ofisi yake iko ghorofa ya ngapi. Nikaondoka nikiwa na karatasi moja yenye tarakimu moja, nikampelekea waziri wa fedha.

Waziri wa fedha ni mama watoto. Ana duka la nafaka Buguruni na daftari la madeni ambalo majirani wanaliogopa kuliko mahakama. Akaisoma karatasi hiyo, akauliza swali ambalo mimi na digrii yangu sikuliuliza.

"Wamekataa vitu vya laki sita na arobaini kwa bei kamili, au wamekataa sehemu ya bima ya hivyo vitu?"

"Kwani kuna tofauti?"

Akanitazama kwa muda. Kisha akachukua kalamu inayofungwa kwa uzi kwenye daftari.

"Sikiliza, baba. Ile siku ulilipa asilimia kumi ya bili nzima, sivyo? Bili nzima ilikuwa na hivi vitu ndani yake. Kwa hiyo asilimia kumi ya hivi vitu ulishalipa. Kama bei kamili ni 640,000, basi 64,000 wanayo tayari tangu siku uliyolipa kwa simu. Sasa wanataka na 640,000 yote? Kitu kimoja wakiuze kwa bei kamili na sehemu kumi juu?"

Hesabu ni hiyo tu, msomaji, na wala haihitaji digrii. Bima ikikata huduma ya Sh 640,000, pengo la hospitali haliwezi kuwa Sh 640,000, kwa sababu bima haikuwahi kuahidi kulipa zaidi ya asilimia 90 yake, yaani Sh 576,000. Hizo 64,000 zilizobaki zilitoka mfukoni mwangu zamani. Hospitali ilikuwa imenakili jumla kutoka kwenye orodha ya bima na kunibandikia kama ilivyo. Ningelipa kimyakimya ningekuwa nimelipia baadhi ya vitu kwa asilimia 110, jambo ambalo hata wauza nyanya wa Ilala hawajalithubutu.

Mama watoto akasema nisirudi kule na hesabu hiyo peke yake. "Kwanza tujue ni vitu gani. Mwite kaka yangu."

Shemeji yangu aliwahi kufanya kazi kitengo cha madai cha hospitali nyingine, miaka kadhaa, kabla hajaamua kufuga kuku. Anasema kuku wakikataa kitu unaelewa sababu. Alikuja Jumapili, akala pilau yangu kwanza, maana shemeji hatoi ushauri kwa tumbo tupu, halafu akasema neno moja.

"Orodha."

"Orodha gani?"

"Bima hawakati kwa jumla. Wanatoa orodha ya makato. Kila mstari una huduma, kiasi kilichodaiwa, kiasi kilichokubaliwa na sababu. Mfumo unaoonyesha jumla tu ni mfumo wa dirishani. Ofisi ya nyuma wanayo orodha kamili, na bima pia wanayo. Omba kwa maandishi. Wakikunyima hospitali, omba bima, wewe ndiye mwanachama."

Nikaandika kwa hospitali, kimya. Nikapitia kwa dada wa utumishi kazini kwetu, naye akaandikia bima, na orodha ikaja kwenye barua pepe kabla hajamaliza chai. Ilikuwa na mistari minne. Minne tu! Tena ilikuwa na safu moja ya mwisho, nyembamba, ambayo karatasi ya hospitali haikuitaja hata kwa bahati mbaya. Safu hiyo iliandikwa "Anayewajibika", na chini yake kila mstari ulikuwa ama na neno "mtoa huduma" ama "mwanachama".

Mistari mitatu ilisema mtoa huduma. Mmoja ulisema mwanachama.

Shemeji alipoona safu hiyo akacheka mpaka kuku wake huko Chanika wakasikia. Akanieleza kwamba makato hayana baba mmoja. Kuna makato ya vitu ambavyo bima yako haivifuniki kabisa, na hivyo ni vyako, utake usitake, na ndivyo vinavyohusika na ile karatasi uliyosaini. Halafu kuna makato yanayotokana na hospitali kuvunja makubaliano yake na bima: imetoza zaidi ya bei iliyokubaliwa, imedai kitu kimoja mara mbili, haikujaza fomu, imechelewa kutuma. Hayo ni ugomvi wa wao wawili. Kwenye mkataba wetu mtoa huduma haruhusiwi kumgeuzia mgonjwa makato hayo. "Lakini wanajaribu," akasema, "kwa sababu mgonjwa ni rahisi kumpata kuliko bima. Wewe una namba ya simu. Bima ana wanasheria."

Sasa nikutembeze kwenye mistari yenyewe, maana nimeizoea kama majina ya watoto wangu.

Wa kwanza ni kitanda. Daraja letu kazini linaturuhusu chumba cha watu wawili, Sh 120,000 kwa usiku. Siku ile vyumba hivyo vilijaa, kijana akawekwa chumba cha peke yake cha Sh 180,000, chenye televisheni ambayo haikuwaka. Nesi aliniambia kwa kinywa chake, "Usijali baba, nafasi ikipatikana tutamhamisha." Haikupatikana. Bima wakalipa kwa bei ya daraja letu na kukata ziada ya Sh 60,000 kwa kila usiku, jumla 180,000. Mimi ningeomba chumba kizuri kwa hiari yangu, tofauti ingekuwa yangu na nisingelia. Ila hapa hospitali ndiyo iliyokosa kitanda, tena nesi alikuwa ameandika kwenye faili kwamba vyumba vya daraja letu vimejaa. Maandishi yale ya nesi, Mungu amzidishie, ndiyo yaliyofanya bima waandike "mtoa huduma". Ukiwekwa chumba kisicho chako kwa sababu ya msongamano, hakikisha kimeandikwa mahali. Maneno ya kwenye korido hayafiki kwenye bahasha ya madai.

Mstari wa pili ulikuwa glovu, gozi, bomba za sindano na nyuzi, Sh 96,000. Hapa sababu ilisema "vimo ndani ya bei ya upasuaji". Hospitali na bima walishakubaliana bei moja ya kufungua thieta kwa upasuaji wa kidole tumbo, na ndani ya bei hiyo vifaa vya kawaida vimo. Kisha mtu wa stoo, kwa bidii yake, akaviorodhesha tena kimoja kimoja. Nilisoma orodha ile nikashangaa: jozi za glovu zilizotajwa zingetosha timu ya mpira na wachezaji wa akiba. Hili ndilo kosa ambalo mtu wa kawaida anaweza kulinusa mwenyewe kwenye bili. Ukiona "upasuaji" kwa bei ya jumla, halafu chini yake pamba na plasta zinajitegemea, uliza.

Wa tatu ndio mkubwa, kipimo cha CT, Sh 320,000. Sababu: "hakikuombewa kibali". Nilipoisoma hiyo damu ilinipanda kichwani. Saa nane za usiku nani wa kutoa kibali? Kumbe bima wenyewe wanalijua hilo. Kwa mgonjwa wa dharura wanaruhusu kipimo kifanyike kwanza, mradi hospitali iwaarifu ndani ya saa 24. Na hospitali ilikuwa imewaarifu! Tatizo lilikuwa dogo kiasi cha kuudhi. Kwenye fomu kuna viboksi viwili, "kawaida" na "dharura". Aliyejaza alitia alama kwenye "kawaida". Mtoto aliyefika kabla ya jogoo kuwika, ana homa, amejikunja, kwa mujibu wa fomu alikuwa amekuja kwa miadi.

Alama moja ya kalamu, laki tatu na ishirini elfu, nami natumiwa meseji kwenye foleni ya nyama.

Shemeji akaniambia mstari huo unarekebishika, kwa sababu kukataliwa kwa madai si hukumu ya mwisho. Hospitali inaweza kuyatuma upya ndani ya muda uliowekwa kwenye mkataba wao, ikiambatanisha ushahidi. Ushahidi ulikuwa tele: karatasi ya mapokezi yenye saa ya kufika na kipimo cha homa, ripoti ya ultrasaundi iliyosema kidole tumbo hakionekani vizuri, na maelezo ya daktari kuhusu kwa nini hakuweza kusubiri. Ila kuna jambo: muda huo ukipita, hata daktari aandike kitabu kizima, mlango umefungwa. Na hospitali yenye mgonjwa aliyekwisha kusaini na kutumiwa meseji haina haraka ya kutuma kitu upya.

Mstari wa nne ndio wangu. Umeandikwa "Kifurushi cha kulazwa, Sh 44,000. Hakikidhi masharti ya bima. Anayewajibika: mwanachama." Kifurushi hicho ni mfuko wa plastiki waliomletea kijana siku ya kwanza: kandambili, sabuni ndogo, mswaki, dawa ya meno, kikombe, na kipimajoto ambacho mpaka leo sijakitia machoni. Bima wanasema vitu vya matumizi binafsi si matibabu. Sibishi. Kijitabu kinasema hivyo, ukurasa wa nyuma ya ile familia inayocheka. Ninachobishia ni kandambili za namba kumi kwa mtoto anayevaa namba sita, lakini huo ni mjadala wa siku nyingine.

Mama watoto akafungua ukurasa mpya wa daftari na kupiga hesabu kwa mujibu wa orodha ile, kabla ya kutuma chochote upya. Toa 640,000 kwenye bili, inabaki Sh 3,560,000 ambayo bima wameikubali. Asilimia 10 yangu ya hiyo ni 356,000. Ongeza kifurushi chote, 44,000, kwa kuwa hicho ni changu mia kwa mia. Jumla ninayotakiwa kuwa nimelipa ni 400,000. Nilicholipa ni 420,000.

Akaweka kalamu chini. "Hawatudai. Tunawadai wao. Elfu ishirini."

Sijawahi kumpenda mwanamke huyu kama siku ile.

Nikarudi hospitali nimevaa shati la kanisani. Safari hii sikusimama dirishani. Niliomba kumuona mkuu wa kitengo cha madai, nikaambiwa yuko kwenye kikao, nikasema nitasubiri, nikakaa, kikao kikaisha ghafla. Nilimwekea mezani orodha ya bima, nikaweka kidole kwenye ile safu nyembamba. Akaitazama kama mtu aliyekutana na shangazi yake aliyemkopa.

"Mzee, hii orodha umeitoa wapi?"

"Kwa mliyempelekea bili."

Akakohoa. Akavuta faili. Nikasema habari ya kitanda, akakubali. Nikasema habari ya glovu, akakubali upesi zaidi, na hakutaka tuzungumze kwa sauti. Tulipofika kwenye CT akaniambia kwa upole kwamba kama nikimsaidia kupata maelezo ya daktari watatuma upya, kwa kuwa daktari yule anafanya kazi hospitali mbili na yeye hampati. Fikiria hapo. Hospitali inaniomba mimi, mgonjwa si mimi, daktari si wangu, nikamtafute mwajiriwa wake. Nikamtafuta. Nilimpata kwenye maegesho ya magari, muungwana sana, akaandika mistari mitano juu ya boneti, akaniuliza kijana anaendeleaje, akasema asicheze mpira. Nikasema nitamwambia.

Madai yakatumwa upya na bima wakaikubali CT. Nilipopata taarifa hiyo nikampigia mama watoto kwa furaha, nikidhani sasa elfu ishirini yetu inakuja na zawadi juu. Ukimya. Halafu nikasikia kalamu.

"CT ikikubaliwa inarudi kwenye bili. Ikirudi kwenye bili, na asilimia kumi yake inarudi kwetu. Hiyo ni 32,000. Tulikuwa tunawadai 20,000. Toa." Akatoa. "Sasa wao ndio wanatudai. Elfu kumi na mbili."

"Kwa hiyo tumewasaidia kushinda, halafu sisi ndio tunalipa?"

"Ndiyo maana yake, baba."

Nilirudia hesabu mara kadhaa nikitafuta mahali pa kugombana, nikakosa. Bili iliyokubalika Sh 3,880,000, asilimia 10 yake 388,000, kifurushi 44,000, jumla 432,000, nimelipa 420,000. Kipimo kilikuwa cha lazima, kilimsaidia mtoto, na bima wamelipa Sh 288,000 yao bila ya maneno zaidi. Haki ni haki hata ikiwa na kichefuchefu. Lakini naomba ikumbukwe kwamba nilikuwa mtu pekee katika mkasa huu aliyefanya kazi ya kitengo cha madai bila mshahara, na ndiye pekee aliyetozwa.

Shemeji alikuwa ameshaniandalia njia nyingine endapo hospitali ingeshupaa. Makato ya bima yasipoeleweka unaanza kwa kulalamika bima wenyewe kwa maandishi. Wasipokujibu vizuri, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Akanionya tu kwamba milango hiyo ni ya ugomvi wako na kampuni ya bima. Hospitali inayokutumia bili ya glovu zake yenyewe unapambana nayo kwanza kwa orodha, na orodha yangu ilikuwa imekunjwa vizuri mfukoni mwa shati la kanisani.

Nilikwenda kulipa elfu kumi na mbili Ijumaa. Yule dada mpole alikuwa pale pale. Akatazama skrini, akanitazama, akatazama skrini tena.

"Baba, unalipa taslimu au unatumia bima?"

Risiti imeandikwa "salio sifuri", nimeitolea nakala, moja iko kwenye daftari la mama watoto na nyingine iko kwenye pochi yangu nyuma ya kitambulisho. Naiweka hapo kwa sababu jana jioni meseji imeingia tena, ile ile, Sh 640,000 ndani ya siku 7. Ndugu zangu wa kitengo cha madai, mfumo wenu haujasikia habari. Mwambieni, au nipeni namba yake nimpigie mwenyewe.